Kuhariri taabini ya mjukuu kwa bibi yake: maswali yanayoulizwa mara kwa mara

Ukurasa huu ni wa wale wanaokabidhiwa rasimu na ndugu au rafiki aliyefiwa na bibi, pamoja na wajukuu wanaohariri maneno yao wenyewe. Majibu yamejengwa juu ya jambo moja ambalo nimelishuhudia katika karibu kila rasimu niliyoipitia: visa na majonzi hugombana kwa sababu vimewekwa mbalimbali, na si kwa sababu kimoja kimezidi mwenzake.

## Misingi

1. Taabini ya mjukuu inatofautianaje na wasifu wa marehemu?

Wasifu hueleza maisha kwa mpangilio wa miaka: alizaliwa lini, alisoma wapi, alifanya kazi gani, ameacha watoto na wajukuu wangapi, aliugua nini. Taabini ni hotuba ya kumkumbuka marehemu, na ile ya mjukuu ina kazi nyembamba zaidi, yaani kumwonyesha bibi kama alivyoonekana na mtu mmoja aliyekua akimtazama kutoka chini.

Tofauti hii ina faida ya moja kwa moja kwa mhariri. Kabla ya kugusa chochote, uliza kama wasifu utasomwa na mtu mwingine. Ukisomwa, basi tarehe, majina ya shule, idadi ya wajukuu na orodha ya shukrani vinaweza kuondolewa katika taabini bila hasara, na mara nyingi hapo pekee robo ya rasimu hupungua bila kisa chochote kuguswa.

2. Iwe na urefu gani?

Dakika 4 hadi 6 zinatosha. Maneno ya Kiswahili ni marefu, na mtu anayesoma kwa huzuni husimama mara kwa mara. Kwa hiyo mimi huhesabu maneno 100 kwa dakika, na nafasi ya dakika 5 naipa maneno 500. Hiki ni kipimo changu cha kuanzia tu. Kipimo cha kweli ni kumwomba msomaji asome kwa sauti huku saa ikihesabu, kisha kumwongezea nusu dakika ya kumeza mate na kupangusa macho.

3. Nimepewa rasimu. Nianzie wapi?

Isome mara moja bila kalamu mkononi. Mhariri anayeanza kusahihisha nukta na koma katika sentensi ya kwanza hawezi kusikia mahali ambapo hotuba nzima inalegea.

Katika usomaji wa pili, weka herufi pembeni mwa kila aya: K kwa kisa, M kwa majonzi, T kwa taarifa. Kisa ni pale ambapo kuna mtu, mahali na kitendo. Sentensi kama "Bibi alikuwa mkarimu sana" si kisa, hata kama imesimama katikati ya visa. Ni sifa, na mimi huiwekea alama ya kuuliza. Ukimaliza, soma herufi peke yake kutoka juu kwenda chini. Rasimu nyingi husomeka M M M, kisha K K K K, kisha M M tena. Mpangilio huo ndio tatizo lenyewe, na swali la 4 linaeleza kwa nini.

## Visa na majonzi kukaa pamoja

4. Majonzi yakae wapi katika hotuba?

Yakae mara tu baada ya kitu kilichoyaleta. Anayeandika akiwa amefiwa huanza na maumivu kwa sababu ndiyo yaliyo karibu na kalamu, lakini anayesikiliza bado hajapewa cha kuumia nacho. Akiambiwa mwanzoni kwamba moyo wa msemaji umevunjika, ataamini, atatikisa kichwa, na atasubiri. Akionyeshwa kwanza mkono wa bibi ukifanya jambo fulani, kisha akaambiwa kwamba mkono huo haupo, haitakuwapo haja ya kumweleza habari za moyo kuvunjika.

Kwa hiyo kazi kubwa ya mhariri ni kuhamisha, na kufuta huja baadaye. Chukua kila sentensi ya majonzi na uulize: hii inahusu kisa kipi? Ikiwa inahusu kisa fulani, ipeleke mkiani mwa kisa hicho. Ikiwa haihusu kisa chochote, aidha mwandishi ana kisa ambacho hakukiandika, na inafaa umuulize, au sentensi hiyo ni ya kuazima, na hapo fuata jibu la swali la 7.

Usishangae maneno ya majonzi yakipungua sana baada ya kuhamishwa. Sentensi mbili fupi zilizosimama mahali pake hubeba uzito kuliko aya tatu za utangulizi, na mara nyingi mwandishi mwenyewe ndiye wa kwanza kuliona hilo akisoma kwa sauti.

5. Rasimu ina visa sita au saba, na vyote ni vizuri. Nibakize vingapi?

Katika dakika 5, visa vitatu vinatosha, na viwili si vichache. Kisa kinachoishi kinahitaji maneno 70 hadi 150. Chini ya hapo kinageuka kuwa tangazo la kisa, kama vile "nakumbuka siku ile ya mvua", ambalo waliokuwapo wanalielewa na wengine wote wanabaki nje.

Njia ya kuchagua ambayo imenisaidia zaidi ni kutafuta kitu kinachojirudia. Mwandishi mara nyingi hajui kwamba visa vyake viwili au vitatu vina kifaa kimoja, kiti kimoja au neno moja la bibi. Kitu hicho kikipatikana, visa vinaungana vyenyewe na hutahitaji sentensi za kuvuka kutoka kimoja hadi kingine. Kikikosekana, chagua kisa kimoja cha desturi, yaani jambo alilolifanya kila siku. Kimoja cha tukio, yaani siku moja mahususi. Na kimoja kilicho karibu na mwisho wa maisha yake.

Visa vilivyoachwa visitupwe. Mwambie mwandishi avihifadhi katika karatasi nyingine, kwa maana kuna watu nyumbani watakaovitaka baadaye, na ukilisema hilo mapema kuvikata kunakuwa rahisi zaidi.

6. Je, mnaweza kuonyesha rasimu moja kabla na baada ya kuhaririwa?

Mjukuu mmoja aliniletea rasimu ya maneno 1,140 kwa nafasi ya dakika 5. Ilikuwa na aya 11. Aya tatu za kwanza, maneno 290, zilikuwa majonzi. Sita zilizofuata, maneno 610, zilikuwa na visa sita. Mbili za mwisho, maneno 240, zilirudi kwenye majonzi na shukrani. Aya moja ilikuwa hivi:

> "Bibi yangu mpendwa, umetuachia pengo kubwa lisilozibika kamwe. Ulikuwa nguzo, taa na kimbilio letu sote. Moyo wangu umevunjika vipande vipande na sijui nitaishi vipi bila wewe. Bibi alitufundisha mambo mengi, kwa mfano alikuwa na kopo la vifungo ambalo tulikuwa tukilichezea tukiwa wadogo, na alikuwa na upendo mwingi."

Kitu pekee katika aya hiyo ambacho hakiwezi kusemwa juu ya bibi mwingine ni kopo la vifungo, nalo limefichwa baada ya "kwa mfano". Sikufuta neno hata moja siku hiyo. Nilimuuliza maswali matatu tu: kopo lilikuwa na nini ndani, mlilichezea wapi, na sasa liko wapi? Alijibu kwa dakika kumi mfululizo, na jibu lake ndilo lililokuwa hotuba. Aliporudi kuandika, aya ikawa hivi:

> "Bibi alikuwa na kopo la vifungo. Jioni alikuwa akilimwaga mezani ili tuvihesabu, na hesabu yangu ya kwanza niliijulia hapo. Kila kifungo kilikuwa na mwenyewe. Hiki cheupe cha matundu manne kilitoka kwenye shati la kazi la babu. Hiki cha kijani kilikuwa cha koti la mama alipokuwa na miaka 6. Hakuna nguo iliyotupwa nyumbani kwetu kabla Bibi hajaing'oa vifungo. Juzi nililimwaga tena lile kopo. Vipo vyote. Vingi sijui ni vya nani, na wa kumuuliza hayupo."

Angalia mahali majonzi yalipo: sentensi tatu fupi za mwisho. Pengo lisilozibika halikutajwa, na bado lipo, kwa sababu sasa lina umbo. Ni vifungo ambavyo hakuna tena anayejua vilitoka wapi.

Baada ya hapo uchaguzi wa visa ukawa mwepesi. Kati ya visa vitano vilivyobaki, viwili vilikuwa na kifungo au sindano ndani yake. Cha kwanza kilikuwa cha asubuhi ya mahafali ya mjukuu huyo, ambapo kifungo cha shati kiling'oka na bibi akamshonea kingine cha rangi tofauti huku shati likiwa mwilini, akimwambia, "Anayekuangalia kifungo hana haja na wewe." Cha pili kilikuwa cha mwezi wa mwisho, bibi alipomwomba mjukuu amtungie uzi kwenye sindano, akaishika kitambo, kisha akamrudishia na kusema, "Shona wewe." Visa vitatu vilivyosalia, kimojawapo kizuri kweli kuhusu redio iliyofungwa kwa mpira, viliwekwa kando.

Hotuba iliyosomwa ilikuwa na maneno 490. Kati ya hayo, yaliyosema majonzi waziwazi hayakufika 100, ilhali katika rasimu yalikaribia nusu ya hotuba nzima.

7. Nifanye nini na maneno kama "pengo lisilozibika", "nguzo ya familia" na "mti mkubwa umeanguka"?

Usiyadharau. Mtu huyashika kwa sababu yanasema jambo zito kwa njia ambayo kila mtu anaikubali, na katika msiba kukubaliwa huko kuna kazi yake. Tatizo ni kwamba yanapofuatana matatu au manne, sikio huacha kusikia.

Mimi hubakiza moja, lile ambalo mwandishi analipenda zaidi, na mengine nayageuza kuwa maswali ya kumuuliza. Alikuwa nguzo: nani aliegemea, siku gani, kwa jambo gani? Pengo liko wapi hasa: kwenye kiti, kwenye simu ya kila Jumapili, kwenye jina ambalo yeye peke yake alikuitia? Jibu likipatikana linachukua nafasi ya msemo. Lisipopatikana, msemo na uende, isipokuwa ukiwa ndio ule mmoja uliobakizwa.

8. Je, kisa cha kuchekesha kinafaa?

Kinafaa, mradi kicheko kiwe pamoja na bibi na si juu yake. Kipimo rahisi ni kujiuliza kama angecheka akiwa ameketi mstari wa mbele pamoja na wageni, si jikoni peke yake na wajukuu.

Mahali pa kicheko pana maana kuliko wingi wake. Kicheko kikija kabla ya sehemu nzito, kifua hulegea, na huzuni inayofuata hupenya kwa urahisi. Katika mfano wa swali la 6, neno la bibi kuhusu kifungo limetangulia kisa cha sindano kwa sababu hiyo. Kikija mara tu baada ya sehemu nzito, wasikilizaji hawajui wafanye nini na machozi yaliyokwisha kuanza. Pale ambapo kicheko kinatarajiwa, andika katika karatasi ya msomaji alama ya kusubiri, maana asiposubiri, sentensi inayofuata itamezwa.

## Lugha yenyewe

9. Nyakati zimechanganyika: "Bibi huamka", "Bibi alikuwa akiamka", "Bibi aliamka". Nisawazishe vipi?

Usisawazishe zote kuwa moja, kwa sababu kila moja ina kazi. Kiambishi "hu-" humfanya bibi aendelee kuishi: "Bibi huweka funguo chini ya mto" ni habari ya mtu aliye hai. Waliofiwa hukitumia bila kujua, na kinaposikika ukumbini kinachoma kwa namna ambayo mwandishi hakuikusudia. Kibadilishe kuwa "alikuwa akiweka", isipokuwa kama ameamua kwa makusudi kulionyesha kosa hilo la ulimi, na ikiwa hivyo liwe mara moja tu.

Kwa sehemu nyingine, acha nyakati zitenganishe visa na majonzi. Desturi ichukue "alikuwa aki-": alikuwa akilimwaga kopo, akivipanga, akituhesabia. Tukio lianze na "-li-" kisha lisukumwe na "-ka-": aliinuka, akafungua kopo, akachagua kifungo, akakata uzi kwa meno. Majonzi yaje katika wakati uliopo au timilifu: "wa kumuuliza hayupo", "nimelishika kopo". Msikilizaji husikia badiliko la wakati na kujua kwamba tumerudi leo, hivyo sentensi za kuvukia kama "inaniuma sana ninapokumbuka kwamba" hazihitajiki tena na zinaweza kukatwa.

10. Aseme "Bibi alikuwa" au "Bibi, ulikuwa"?

Rasimu nyingi huruka kutoka kumsimulia hadi kumwita na kurudi, wakati mwingine ndani ya aya moja, kama ile ya kwanza katika swali la 6. Msikilizaji huchoka kwa sababu kila mara hajui kama anaambiwa yeye au anasikiliza maongezi ya wengine.

Ninachopendekeza ni kumsimulia mwanzo hadi karibu na mwisho, kisha kumgeukia yeye mara moja tu, kwa sentensi mbili au tatu za kufungia. Kumwita ni kitendo kizito; mara ya pili tayari kinakuwa chepesi. Fahamu pia kwamba sentensi ya kwanza yenye "wewe" ndiyo sauti inapokatika kwa wengi, jambo lililojadiliwa katika swali la 12.

Jina liwe lile aliloitwa na wajukuu wake, iwe Bibi, Nyanya au jina lake la utani, na libaki hilo hilo. "Marehemu bibi yangu" yatosha mara moja mwanzoni, au yasiwepo kabisa.

11. Kwa nini wasikilizaji huuliza "nani?" wakati kwenye karatasi sentensi inaeleweka?

Kiambishi "a-" hakisemi kama ni bibi, mama au shangazi. Katika "alimwambia asiondoke, akamkatalia, akalia", msomaji anaweza kurudisha macho nyuma, lakini msikilizaji hawezi. Kila kisa chenye wanawake zaidi ya mmoja kirudiwe kusikilizwa na mtu asiyekijua, na pale atakapokunja uso, taja jina au cheo: Bibi akakataa, mama akalia. Kurudia huko kunaonekana kubaya kwenye karatasi, ila masikioni hakuna anayegundua.

## Karatasi na sauti

12. Tunajua msomaji atalia. Hotuba inaweza kuhaririwa ili imsaidie?

Inaweza. Mwombe aisome mbele yako mara mbili. Sauti itakatika, na katika usomaji wa pili itakatika palepale. Si mahali pengi, kwa kawaida ni sentensi moja au mbili. Ziwekee alama.

Sentensi hizo zisiondolewe, ila zifanyiwe mambo matatu. Ziwe fupi, kwa sababu sentensi ya maneno 30 haimaliziki kwa pumzi ya kilio. Zisogezwe kuelekea mwisho, ili sehemu kubwa ya hotuba iwe imeshasomwa. Na sentensi inayozifuata iwe nyepesi ya taarifa, mathalani "Kopo hilo lilikuwa la rangi ya bluu", ambayo mdomo unaweza kuitamka bila moyo kushirikishwa, mpaka sauti irudi.

Karatasi yenyewe ichapwe kwa herufi kubwa, saizi 16 kwa mfano, nafasi iwe pana kati ya mistari, na sentensi isikatwe na mwisho wa ukurasa. Nakala ya pili apewe mtu aliyekwisha kuisoma, akae karibu, na wakubaliane ishara ya kupokezana. Wengi hawaitumii, lakini kujua kwamba ipo kunatuliza.

## Hali ngumu

13. Tuseme kiasi gani kuhusu ugonjwa na siku za mwisho?

Kwa mjukuu aliyemuuguza, siku hizo ndizo zilizo karibu zaidi, kwa hiyo rasimu yake inaweza kuzipa nusu ya nafasi. Lakini bibi aliyeishi miaka 80 hapaswi kukumbukwa kwa wiki zake sita za mwisho. Bakiza tukio moja ambalo bado anaonekana kuwa yeye mwenyewe, kama lile la sindano, na uondoe majina ya dawa, mabomba, vidonda na maneno ya madaktari.

Kipimo kingine ni heshima ya mwili wake. Jambo ambalo angelifunikia shuka mgeni alipoingia chumbani, hotuba nayo ilifunike.

Lawama kuhusu matibabu hazina nafasi hapa, hata zikiwa za haki. Ziandikwe kwenye karatasi tofauti kwa mazungumzo tofauti.

14. Bibi alikuwa mkali, na mjukuu hataki kusema uongo. Je?

Asiseme. Waliomjua watausikia uongo huo katika neno la tatu, na visa vyote vya kweli vitaingia shakani. Ukali nao una visa, na kisa kinaweza kusemwa bila hukumu: alitufungia mlango tuliochelewa, na tukasikia nyayo zake nyuma ya mlango usiku kucha. Eleza kitendo, acha hukumu kwa msikilizaji.

Jambo la aibu au lenye kumhusu mtu aliye hai ni tofauti. Kama kisa kinamfichua mtu mwingine, mtu huyo asomewe kabla, na akikataa, kisa kinaondoka bila mjadala. Hilo linawahusu hasa watoto wa marehemu: mjukuu akisema "hakuna aliyempenda kama mimi", mama yake ameketi pale akisikia. Mimi sentensi hizo nazikata kila mara, na ndizo pekee ninazozikata bila kuuliza kwanza.

15. Bibi alipoteza kumbukumbu miaka mingi kabla hajafa. Majonzi ni ya lini?

Ni ya mara mbili, na hotuba inaweza kulisema hilo waziwazi kwa sentensi moja. Tatizo la uhariri ni kwamba mjukuu mdogo huenda hana kisa chochote cha kabla ya ugonjwa. Usimwazimie cha wakubwa. Kisa chake cha kweli ni cha bibi aliyemwita kwa jina la mwingine, na nini mjukuu alijibu. Kinachotakiwa ni bibi aonekane akitenda jambo, kushika mkono, kukunja nguo ileile mara tano, na si akikosea tu.

16. Wajukuu ni wengi na hotuba ni moja. Nikusanyeje bila kuwa na orodha?

Waombe wote jibu la swali moja jembamba, kwa mfano "Bibi alikuwa akisema nini ulipokuwa ukiondoka?" Majibu matatu yanayofanana na moja lisilofanana yanatengeneza aya nzuri. Ukiwaomba "kumbukumbu zenu", utapata kurasa ishirini za sifa. Mwandishi na msomaji wabaki mmoja, na "mimi" wa hotuba awe huyo. "Sisi" itumike tu pale ambapo wote walikuwapo kweli.

17. Mwandishi ni mtoto wa miaka 9. Nirekebishe nini?

Karibu hakuna. Rekebisha kinachoweza kumkwaza akisoma, basi. Sentensi kama "Bibi alikuwa na mikono ya baridi na mimi nilipenda" haiguswi.

18. Rasimu imeletwa usiku wa kuamkia mazishi. Nifanye lipi na niache lipi?

Una saa moja ya kazi yenye maana. Baada ya hapo msomaji lazima alale. Usiijenge upya. Kata aya za mwanzo hadi ufikie kisa cha kwanza, na hotuba ianzie hapo. Ondoa taarifa zilizomo katika wasifu. Kisha sogeza sentensi moja ya majonzi, ile yenye nguvu kuliko zote kati ya ulizozikata, uiweke mwisho wa kisa cha mwisho. Nyakati na viambishi rekebisha tu pale ulimi ulipokwama aliposoma kwa sauti.

Mwandishi akikataa mkato wowote usiku huo, mwachie. Mwambie tu aweke alama ya penseli pale anapoweza kuruka iwapo sauti itamwishia, na umwonyeshe kwamba hotuba inaeleweka hata aya hiyo ikirukwa. Nimeona wengi wakiiruka, wakaigeuza karatasi na kuendelea, na hakuna aliyejua.